Mabango ya Mwanza yameandikwa kwa lugha gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuhesabu maandishi ya mtaani

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi, walimu na wakazi wanaotaka kushiriki katika kazi ya kuorodhesha maandishi yanayoonekana hadharani kuanzia soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, kufuata Barabara ya Makongoro hadi katikati ya jiji. Swali tunaloulizwa kuliko yote ni lugha ipi imeshinda, Kiswahili au Kiingereza. Tarakimu yoyote utakayopewa hutegemea jinsi maandishi yalivyogawanywa kabla ya kuhesabiwa, na ndiyo maana sehemu kubwa ya majibu yetu inahusu mgawanyo huo.

Mandhari ya lugha ni nini hasa?

Ni jumla ya maandishi ambayo mpita njia anakutana nayo mahali fulani. Wataalamu wawili wa Kanada, Rodrigue Landry na Richard Bourhis, waliieleza dhana hiyo mwaka 1997 kwa kutaja alama za barabarani, mabango ya matangazo, majina ya mitaa na mahali, mabango ya maduka, na vibao vya majengo ya serikali. Orodha hiyo inafaa kuanzia, lakini huku kwetu inaacha mengi. Haitaji onyo lililoandikwa kwa rangi ukutani, wala karatasi ya chumba kinachopangishwa iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme, wala ubao wa chaki wa mama lishe unaofutwa kila jioni. Sisi tunayahesabu yote hayo, kwa sharti moja: yaweze kusomwa na mtu aliyesimama barabarani. Leseni iliyotundikwa ndani nyuma ya kaunta hatuihesabu.

Majina ya mitumbwi iliyovutwa ufukweni tunayaandika katika jedwali la peke yake. Mtumbwi unahama, na ukiuchanganya na maduka utaambiwa kesho kwamba takwimu zako hazionekani tena pale ulipozichukua.

Bango moja ni lipi? Je, duka moja ni bango moja?

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Tuchukue mfano wa mazoezi tunaowapa wageni wetu wote, yaani duka la vinywaji la kubuni linalofanana na mengi yaliyoko Kirumba. Juu ya mlango kuna bango kubwa lililotengenezwa na kampuni ya vinywaji, lenye nembo ya kampuni na, chini yake kwa herufi ndogo, jina MASANJA pamoja na neno grosari lililoandikwa kwa tahajia ya Kiingereza. Dirishani kuna kibandiko cha wakala wa kutuma pesa chenye jina la huduma na namba ya wakala iliyojazwa kwa kalamu. Pembeni ya dirisha kuna karatasi inayosema KUKOPA HARUSI, KULIPA MATANGA. Chini kuna ubao wa chaki: SUPU YA SATO IPO. Ukuta wa ubavuni umeandikwa kwa rangi nyekundu USIKOJOE HAPA, na juu ya maandishi hayo imebandikwa karatasi ya mkutano wa injili, yote kwa Kiswahili, ambao ulikwisha kufanyika wiki mbili zilizopita.

Ukihesabu kwa duka, una kitu kimoja tu, nacho ni cha mchanganyiko. Ukirudia mtaa mzima kwa njia hiyo, utasema kwamba karibu kila duka linachanganya lugha, na Kiswahili kitupu kitaonekana kama kitu cha nadra. Ukihesabu kwa fremu, yaani kila maandishi yenye mpaka wake unaoonekana, una vitu 6, na 4 kati ya hivyo ni Kiswahili kitupu: methali, supu, onyo na mkutano. Ukipima kwa ukubwa wa herufi, nembo ya kampuni inameza kila kitu na Kiswahili kinaonekana kama kisichokuwapo. Duka ni lile lile, ila kila kipimo kimeleta taarifa yake.

Sisi tunahesabu kwa fremu. Kila fremu inapewa namba yake, lakini pia inabeba namba ya duka, ili anayetaka kujumlisha kwa duka aweze kufanya hivyo baadaye. Anayeanza kwa duka hawezi kurudi nyuma kupata fremu bila kwenda tena mtaani. Mistari miwili ya jedwali, wa bango kuu na wa ubao wa chaki, huonekana hivi:

```
fremu,duka,maandishi,tahajia,maana,mtoa,namna
014a,014,MASANJA GROCERY,eng,swa,kampuni,chapa
014d,014,SUPU YA SATO IPO,swa,swa,mwenye_duka,chaki
```

Vifupisho vya lugha ni vile vya kimataifa vya herufi tatu: `swa` ni Kiswahili, `eng` ni Kiingereza, `suk` ni Kisukuma, `ked` ni Kikerewe, `jit` ni Kijita na `guj` ni Kigujarati.

Kwa nini jedwali lina safu mbili, ya tahajia na ya maana?

Kwa sababu ya maneno kama hilo grosari. Likiandikwa kwa herufi c na kumalizika kwa y, macho yanasema ni Kiingereza. Lakini mwenye kujua mji huu hatakwenda pale kutafuta unga na sabuni. Anajua kwamba grosari ni mahali pa kunywea bia, pengine penye meza tatu na jiko la nyama choma kwa nje. Maana hiyo imezaliwa Tanzania na inaeleweka kwa msemaji wa Kiswahili. Mgeni aliyezaliwa na Kiingereza ndiye atakayepotea. Kukihesabia Kiingereza neno ambalo wenye Kiingereza hawalielewi ni kosa la hesabu, na kulihesabu kama Kiswahili bila kutaja tahajia yake ni kosa jingine, kwa kuwa mwenye duka aliichagua tahajia hiyo kwa makusudi. Neno hoteli nalo liko karibu na hilo, kwa kuwa kwenye vibao vingi maana yake ni mahali pa kula, bila kitanda hata kimoja.

Saluni ni mfano mwingine mzuri. Inaandikwa kwa njia tatu katika barabara ile ile: kwa u na i ya mwisho, kama tunavyoitamka, kwa o moja bila i, na kwa o mbili bila i. Wengi hucheka wakiona ile ya o mbili na kuiandika kwenye safu ya makosa. Safu hiyo tumeiondoa kabisa. Anayesoma bango anajua kwamba ni mahali pa kusuka na kunyoa, huduma anaipata, na tahajia ile imezoeleka kiasi kwamba fundi mpya wa mabango huiiga kutoka bango la jirani. Kinachotuhusu ni ipi imetumika na wapi, si nani afundishwe imla.

Jina la mtu au la mahali ni la lugha gani?

Katika awamu yetu ya kwanza tulikosea hapa, na ilitubidi kurudia mamia ya mistari ya jedwali. Tuliona Masanja, Kabula, Shija, Kulwa na Doto, tukayahesabu yote kuwa Kisukuma, na matokeo yakaonyesha Kisukuma kikiwa kimejaa mtaani. Mwenzetu mmoja mzaliwa wa Magu aliyasoma matokeo akauliza swali moja tu: «Nionyesheni sentensi moja ya Kisukuma mliyoisoma.» Hatukuwa nayo.

Kabula kweli ni jina la Kisukuma, linalotokana na mvua, na mtoto hupewa kwa sababu ya mvua iliyomkaribisha duniani. Lakini mwenye duka anapoliandika, anamtaja Kabula. Hasemi habari za mvua. Kulwa na Doto, majina ya mapacha, pamoja na Shija anayewafuata, yameenea mbali na Usukumani, na anayeitwa Doto huko Dar es Salaam huenda hajui neno jingine la Kisukuma. Ugumu huo huo uko kwenye majina ya mahali. Ilemela, Igoma, Buswelu na Nyamagana yana asili ya lugha za huku, na kama kila anwani ingehesabiwa, basi hata kibao cha ofisi ya serikali kingekuwa cha Kisukuma.

Kanuni yetu ya sasa ni kwamba majina ya watu na ya mahali yanaandikwa katika safu yake, hayaingii katika hesabu ya lugha. Isipokuwa jina likibeba dalili ya maandishi ya Kisukuma, hasa ng'w mwanzoni, tunaliwekea alama. Mtu anayeandika Ng'wana badala ya Mwana amechagua kuonyesha sauti ya kwao kwa herufi, na uchaguzi huo unastahili kurekodiwa. Angalieni tu kwamba ritifaa hupotea mara nyingi: mashine ya uchapaji huiacha, au fundi huona haina kazi, na Ng'wana anabaki Ngwana. Mkiona hivyo andikeni kama ilivyo ukutani, msiirudishe wenyewe.

Kisukuma kinasikika kila mahali. Kwa nini hakiandikwi?

Simama Mwaloni asubuhi wakati wa kupima dagaa. Utasikia «mwangaluka» na itikio lake, bei ikianza kwa Kisukuma na kumalizikia kwa Kiswahili, na mbele kidogo Kikerewe au Kijita kwa waliovuka kutoka visiwani. Kisha inua macho usome kilichoandikwa juu ya mabanda: Kiswahili, na Kiingereza kidogo. Pengo hilo kati ya sikio na jicho ndilo jambo lililonivutia mimi katika kazi hii.

Watu hudhani kwamba sababu ni aibu au katazo. Tulipouliza wenye mabanda, maelezo waliyotoa yalikuwa ya kawaida zaidi. Mama mmoja muuza dagaa, tuliyemwamkia na kumwomba atueleze bango lake, alijibu: «Mwanangu, Msukuma mwenzangu ananijua, ananiita kwa jina. Hilo bango ni la yule asiyenijua.» Mnunuzi wa jumla anaweza kuwa ametoka Dodoma, Burundi au Kongo, na bango linamwandikia yeye. Lugha ya nyumbani hutumika kwa mtu ambaye sura yake imeshaonekana.

Iko sababu ya pili. Kusoma na kuandika watu walijifunza shuleni kwa Kiswahili, na ingawa Biblia ya Kisukuma ipo na nyimbo za kanisani zipo, mkono wa wengi haujazoea kuandika irabu ndefu za Kisukuma wala kuamua wapi panahitaji ritifaa. Anayelipia bango hataki kulipia neno asilokuwa na hakika nalo.

Kwa hiyo, mkikuta hata neno moja, kama «wabeja» chini ya bango la mgahawa kwa maana ya kumshukuru mteja, lipigeni picha kwa karibu, na mkiweza mwulizeni mwenyewe alimkusudia nani.

Kwa nini maduka mengine ya dawa yana Kiswahili na mengine Kiingereza?

Hilo si suala la mapenzi ya mwenye duka. Duka la Dawa Muhimu ni daraja la kisheria, lililotokana na mpango ulioanza mkoani Ruvuma mwaka 2003 wa kuyaboresha maduka madogo ya dawa, ambapo mtoa dawa aliyepata mafunzo anaruhusiwa kuuza dawa za orodha maalumu. Famasi ni daraja la juu yake, linalosimamiwa na mfamasia. Jina la daraja la chini limekuwa la Kiswahili tangu mwanzo. La juu huandikwa mtaani kwa tahajia ya Kiingereza, kwa ph na cy. Matokeo yake ni kwamba kadiri unavyotoka katikati ya jiji kuelekea mitaa ya pembezoni, ambako madaraja ya chini ni mengi zaidi, Kiswahili kinaonekana kuongezeka kwenye mabango ya dawa. Asiyejua habari za vibali ataandika kwamba wakazi wa pembezoni wanapenda Kiswahili zaidi, kumbe ameipima ramani ya leseni.

Tunajuaje ni nani aliyelichagua neno?

Mgawanyo wa zamani ni wa pande mbili: maandishi yanayotoka juu, yaani ya serikali, na yanayotoka chini, yaani ya watu. Upande wa serikali hautupi shida. Kibao cha ofisi ya mtendaji wa kata ni cha Kiswahili na kila mtu anaelewa kwa nini. Shida iko kwa watu, kwa kuwa kati ya mwenye duka na bango lake wamesimama wengine wawili.

Wa kwanza ni kampuni. Kampuni ya simu au ya vinywaji hupaka ukuta rangi yake bila malipo, na mwenye duka hupewa nafasi ndogo ya jina lake. Maneno makubwa yaliamuliwa Dar es Salaam. Ndiyo maana safu ya mtoa ina thamani ya kampuni mbali na mwenye duka.

Wa pili ni mchora mabango. Mteja huja na maneno midomoni, pengine kwenye kipande cha karatasi, na fundi ndiye anayeamua tahajia, vifupisho na kipi kiwe kikubwa. Tulipofuatilia herufi S yenye mkia uliopinda kwa namna moja, tuligundua kwamba mabango kadhaa ya mtaa mmoja yametoka kwenye mkono mmoja, pamoja na tahajia ile ile ya saluni. Tungeyahesabu kama maamuzi ya wenye saluni wote hao, ilhali ni uamuzi wa fundi mmoja. Siku hizi wengi wamehamia kwenye mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine, na huko kiolezo kilichomo kwenye kompyuta kinakuja na maneno ya Kiingereza tayari, mteja anabadilishiwa jina na namba ya simu tu. Kiingereza cha namna hiyo kinaongezeka bila mtu yeyote kukichagua kwa kukusudia, na ndiyo sababu safu ya namna, yaani chapa, rangi, chaki au kalamu, ni ya lazima.

Bango likiwa na lugha mbili, tuandike nini zaidi?

Andikeni kama lugha hizo zinasema jambo moja au mambo tofauti. Mwaka 2004 Mechthild Reh alichapisha uchunguzi wake wa maandishi ya mji wa Lira nchini Uganda, na aliyatenga mabango ambayo yanarudia ujumbe wote kwa lugha zote, yanayotafsiri sehemu tu, yanayopishana kwa kiasi, na ambayo kila lugha inabeba habari yake kiasi kwamba asiyejua zote mbili hapati ujumbe mzima. Hapa Mwanza tunakutana sana na aina hiyo ya mwisho. Jina la biashara liko kwa Kiingereza, lakini bei, maelekezo na onyo viko kwa Kiswahili. Kinachompamba mwenye duka kiko kwa lugha moja, na kinachomtaka mteja afanye jambo kiko kwa nyingine. Sijawahi kuona NYUMBA HII HAIUZWI ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa anayeiandika anataka ieleweke na kila mtu, hasa tapeli na anayetapeliwa.

Tunawezaje kujua bango ni la lini?

Majina ya kampuni husaidia. Tigo ilibadilisha jina kuwa Yas mwezi Novemba 2024, kwa hiyo ukuta wenye jina la zamani ulipakwa kabla ya hapo. Namba inayoanza na 028 ni ya simu ya mezani ya Kanda ya Ziwa, na bango lisilo na namba nyingine yoyote huwa la siku nyingi. Katika majengo ya zamani ya katikati ya jiji, tazameni juu, kwenye ukingo wa paa: mara nyingine jina la ukoo na mwaka vimefinyangwa kwenye saruji. Mkikuta maandishi ya Kigujarati, msikisie maana. Pigeni picha tumtafute msomaji.

Je, tunahitaji ruhusa?

Ndiyo. Barua ianzie ofisi ya mkurugenzi, ishuke kwa mtendaji wa kata, na mwenyekiti wa mtaa ajulishwe kabla ya siku ya kwanza. Mtu mwenye daftari na simu anayepiga picha mabango huchukuliwa kuwa mtoza ushuru, na mabango mengine yatashushwa kabla hujayafikia. Salimieni kwanza, jielezeni, kisha ombeni. Sura za watu na namba za simu za wenye maduka zifichwe kwenye picha. Bandarini na karibu na vituo vya polisi msipige picha bila kibali.

Tutajuaje kwamba hesabu yetu si sahihi?

Wawili wenu wachukue fremu 50 zile zile na kuzijaza bila kuoneshana. Zilinganisheni safu kwa safu. Safu ya namna isipolingana karibu yote, mmoja wenu hakwenda mtaani kwa makini. Safu ya maana ikitofautiana kwenye maneno ya mkopo peke yake, hilo ni jambo la kujadiliana na kuandikia kanuni. Lakini idadi ya fremu zenyewe ikitofautiana, mmoja akiona 6 kwenye duka ambalo mwenzake ameona 4, basi simamisheni kazi hapo hapo, rudini kwenye duka hilo pamoja, na mwoneshane kwa kidole mpaka wa kila fremu. Fanyeni mtaa mzima kwa siku moja, tena kabla ya mvua za Oktoba kuanza, kwa sababu mvua moja kubwa inatosha kuziondoa karatasi zote za nguzoni, na karatasi hizo karibu zote ni za Kiswahili.